Mitungi ya moto, taa za mtaa au walinzi wa usiku: lipi litakulisha?

Mpwa wangu amemaliza mafunzo ya umeme VETA, ana mtaji wa shilingi milioni 3 alioukusanya kwa vibarua vya miaka miwili, na anaishi Mbagala. Juzi alinijia na daftari lake. "Shikamoo mjomba. Nina mawazo matatu, yote ya usalama: kuhudumia mitungi ya kuzimia moto, kufunga taa za mtaani, au kuratibu walinzi wa usiku wa maduka na nyumba. Wewe yote umeyapitia. Nishike lipi?"

Nimeyapitia kweli. Mitungi ndiyo kazi yangu mwaka wa 11 sasa. Taa nilifunga kwa muda nikaacha. Ulinzi niliushika nikiwa mweka hazina wa kamati ya mtaa wetu, hadi nilipoomba kupumzishwa. Nilichomwambia ndicho hiki, nimekirefusha kidogo kwa ajili ya wengine wenye swali kama lake.

Tuziweke biashara zote tatu kwenye mtaa mmoja wa mfano, ili tusilinganishe embe na nazi. Mtaa una barabara ya vumbi ya mita 200, fremu 40 pande zote mbili, na nyumba 25 nyuma ya fremu. Kuna duka la vifaa vya ujenzi, saluni, mafundi cherehani, wakala wa gesi, mama lishe, duka la Mangi pale kona, na fremu kadhaa za nguo na simu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Weka za kwenu, ila hesabu ipige kwa namna hiihii.

Walinzi: kazi isiyotaka mashine

Hii huvutia wengi kwa sababu vifaa vyake vinaingia kwenye mfuko mmoja wa rambo: filimbi, tochi, koti la mvua, kitabu cha zamu, simu yenye chaji. Mzigo wenyewe umejificha kwenye saa za kazi.

Mlinzi anaingia jua likizama na kutoka jua likichomoza. Usiku mmoja ni saa 12, wiki nzima ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kiwango cha kawaida. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, nazo zina kikomo. Kwa hiyo lindo moja linahitaji watu wawili, kila mmoja saa 42 kwa wiki. Mitaa mingi huajiri mtu mmoja, akakesha mwezi mzima mfululizo, kisha watu wanakasirika wakimkuta amelala saa tisa usiku. Binadamu yeyote angelala.

Tuseme kila mmoja analipwa 250,000 kwa mwezi. Sheria hiyohiyo inataka nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, hivyo inafika 262,500. Kwa wawili ni 525,000. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, na ule mdogo wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Unakaribia 580,000 kila mwezi kwa lindo moja, kabla mratibu hajajilipa hata nauli.

Sasa upande wa makusanyo. Fremu 40 kwa 12,000 ni 480,000. Nyumba 25 kwa 6,000 ni 150,000. Jumla 630,000. Wakilipa wote, unabaki na 50,000. Mmoja kati ya watano asipolipa, umekusanya 504,000 na unadaiwa mishahara. Na huyo mmoja kati ya watano yupo kila mtaa. Ni mpangaji aliyehama usiku, au fremu iliyofungwa miezi miwili, au mwenye nyumba anayesema ana mbwa wake wanamtosha. Huwezi kumkatia huduma, maana mlinzi akipita anapita mbele ya mlango wa aliyelipa na wa asiyelipa. Hapo ndipo nilipochoka mimi. Nilikuwa naamka Jumapili kugonga milango kama mdai wa mikopo, kwa watu nilioswali nao Ijumaa.

Kuna jambo la mamlaka pia. Ulinzi shirikishi uko chini ya serikali ya mtaa na polisi kata, na hauwezi kuwa mali ya mtu binafsi. Asili yake ni sungusungu walioanza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, jamii ikijilinda yenyewe. Ukitaka kuugeuza kuwa kampuni, hiyo ni njia nyingine yenye vibali vyake vya polisi. Ukitaka kuwa mratibu tu, unahitaji muhtasari wa mkutano wa wakazi uliokuteua, stakabadhi zenye nakala, na hesabu inayobandikwa ubaoni kila mwezi. Bila hayo, mwezi wa tatu utaitwa mwizi.

Halafu kuna usiku ule mwizi anakamatwa kweli. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa, lakini anatakiwa kumfikisha polisi bila kuchelewa. Umati ukimpiga akafia mikononi mwa mlinzi wako, jina la mwajiri wake litakuwa kwenye jalada. Hili lazima lifundishwe siku ya kwanza, kwa maneno ya wazi: piga filimbi, piga simu, mkalishe chini, mzuie asipigwe.

Ukitaka kujua kama doria inafanyika, tazama kitabu cha zamu. Kikiwa na saa sita kamili, saa saba kamili, saa nane kamili, mwandiko uleule uliotulia na wino uleule, kimejazwa alfajiri kwenye benchi. Doria ya kweli huandikwa saa sita na dakika 20, saa nane kasoro kumi, na herufi zinalala upande kwa sababu mtu ameandika akiwa amesimama, tochi iko kwapani.

Kazi hii naiona inafaa pale mlipaji akiwa mmoja au wachache sana, mfano mwenye fremu zote anayeikata pesa ya ulinzi kwenye kodi, au safu ya maghala. Kwa kijana wa miaka 23 anayedai pesa kwa watu waliomlea, ni kujitafutia ugomvi.

Taa: hesabu ya paneli

Mpwa wangu ni fundi umeme, kwa hiyo alidhani nitamwelekeza hapa. Nilimwomba kwanza akate hesabu ya nguzo moja ya sola.

Taa ya wati 30 ikiwaka saa 12 inakula 30 mara 12, yaani wati-saa 360 kwa usiku. Jua la Dar es Salaam, ukilipima kama saa za jua kali kamili, chukua saa 4 na nusu kwa siku. Njiani kuna hasara za joto, vumbi, waya na betri, kwa hiyo hesabu asilimia 70 tu ya kinachozalishwa. 360 gawanya kwa 4.5, gawanya tena kwa 0.7, unapata paneli ya wati 115 hivi. Nunua ya 120. Betri nayo isinyonywe hadi tone la mwisho. Ukiacha akiba ya moja ya tano, unahitaji wati-saa 450, na hiyo ni kwa usiku mmoja tu. Mawingu ya masika yakikaa siku mbili, taa itazima saa sita usiku.

Sasa nenda sokoni utazame zile taa za sola za kipande kimoja zilizoandikwa wati 200, wati 300. Chukua rula. Paneli nzuri ya kawaida hutoa karibu wati 200 kwa eneo la mita moja ya mraba. Paneli yenye ukubwa wa daftari kubwa, sentimita 30 kwa 40, ni eneo la mita za mraba 0.12. Haiwezi kuzidi wati 24 hata jua likiwa utosini. Kwa siku italeta kama wati-saa 75 baada ya hasara, na ukizigawanya kwa saa 12 za usiku unapata wati 6. Namba iliyo kwenye boksi ni mapambo. Ukiuza taa hizo kwa kamati ya mtaa, mwezi wa kwanza utasifiwa, na mwezi wa sita watu watakuepuka barabarani.

Ukifunga za kweli, gharama inapanda haraka. Nguzo ya mita 6 juu ya ardhi hutaka karibu mita moja nyingine ndani ya zege. Kwa mtaa wa mita 200, ukiziweka kila baada ya mita 25 unahitaji nguzo 9. Barabara ina mwenyewe pia. Za mitaa ziko chini ya TARURA, na huchimbi shimo kwenye hifadhi ya barabara bila ruhusa yao. Zabuni za taa za halmashauri zinapitia mfumo wa NeST, na malipo ya serikali yanamtaka mkandarasi mwenye kifua cha kusubiri. Mtaji wa milioni 3 hauna kifua hicho. Tena anayeishi kona ya mbali anamulikwa sawasawa na aliyechanga, tumerudi kwenye tatizo la mlinzi na mlango wa asiyelipa.

Lipo umbo moja dogo la kazi ya taa ninalolipenda, nalo halitaki nguzo. Ni taa ya ukutani, wati 20, ikining'inia juu ya fremu na kujiwasha giza likiingia kwa kihisi mwanga, umeme ukitoka kwenye LUKU ya mwenye fremu. Wati 20 kwa saa 12 kwa siku 30 ni uniti 7.2. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, uniti moja ni kama shilingi 356 na kodi zake. Taa nzima ya mwezi haifiki shilingi 2,600. Mwenye duka anayelalamika kwamba mbele kwake ni giza anashangaa sana ukimwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi. Taa 10 zikipangwa kwa zamu, kushoto na kulia, mtaa wetu wa mita 200 unabadilika. Kumi hizo hulipwa na watu 10, kila mmoja kwa taa yake, hakuna mchango wa pamoja wa kugombania.

Ubaya wake ni kwamba ukishafunga umemaliza. Taa nzuri ya LED ikifungwa vizuri haikuiti tena kwa miaka. Ni kazi ya kuongezea kipato, na kwa fundi mwenye leseni ya EWURA ni kazi halali na safi, lakini haikupi mteja wa mwakani.

Mitungi: mteja mwenye tarehe

Mtungi wa kuzimia moto una kitu ambacho taa na mlinzi havina: una tarehe. Viwango vya Uingereza ambavyo mafundi wengi tunavifuata, BS 5306-3, vinataka kila mtungi ukaguliwe na fundi mara moja kwa mwaka, na ule wa unga ufunguliwe, umwagwe na kujazwa upya kila miaka 5. Juu ya hapo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa mamlaka ya sheria yake ya mwaka 2007, hukagua majengo ya biashara. Mwenye duka akiuliza "kwani lazima?" jibu halitoki kwako. Na kila mtungi una mwenyewe mmoja. Asiyelipa habebewi na jirani.

Lakini kazi yenyewe ina siri zake, na wanaoharibu ni wengi. Niseme nilichokiona mwaka jana kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Mtungi wa unga wa kilo 6 umetundikwa vizuri karibu na mlango. Geji iko kijani. Stika ina miezi minne. Mwenye duka aliniita kwa ajili ya mtungi mwingine kabisa, huu alisema uko sawa. Niliunyanyua nikaupindua kichwa chini, nikaweka sikio. Mtungi mzima unapopinduliwa unasikia unga ukishuka, kama mchanga kwenye chupa, na mkononi unahisi uzito ukihama. Huu haukuhama chochote. Nilimwomba ruhusa, tukatoka nao nyuma, nikavuta pini na kubonyeza. Ilitoka pumzi ndefu ya hewa na wingu la unga lisilojaa ndoo, basi. Nilipohakikisha presha imekwisha nikafungua kichwa. Theluthi ya juu ilikuwa unga. Chini yake ni jiwe, kama mfuko wa saruji ulionyeshewa, na mrija wa kunyonyea umekwama humo. Yule baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Na mimi ndiye ninayeuza rangi na tina humu ndani."

Jiwe lile lina sababu mbili, na zote ni mikono ya fundi. Ya kwanza ni kujaza presha kwa kompresa ya pale wanapojaza matairi. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kompresa inaukamua na kuupeleka moja kwa moja kwenye unga. Presha ya mtungi inatakiwa itoke kwenye nitrojeni, ambayo ni kavu. Ya pili ni kuchanganya unga. Ule wa ABC, unaozima hata moto wa mbao na nguo, una fosfeti ya amonia, yenye asili ya tindikali. Ule wa BC, wa moto wa mafuta na gesi, mara nyingi ni bikaboneti, ndugu wa magadi. Vikikutana penye unyevu kidogo vinamenyuka, vinatoa gesi na maji, unga unaganda na presha inaweza kupanda bila wewe kuijaza. Kwa hiyo funeli na ndoo za unga mmoja hazigusi mwingine. Mimi zangu nimezipaka rangi.

Kazi sahihi ya mtungi wa unga huenda hivi. Unaanza kwa macho: kutu, hasa kwenye kitako, kwa sababu watu hupiga deki na maji yanakaa pale. Mtungi wenye kutu iliyochimba unauondoa kazini, haupakwi rangi. Unaupima kwenye mizani na kulinganisha na uzito ulioandikwa kwenye lebo. Geji unaigonga kwa kidole, maana sindano hukwama kijani wakati ndani hakuna kitu. Bomba unalifungua na kulichungulia. Nimekuta nyumba za nyigu humo. Unapindua, unasikiliza. Pini, sili mpya, lebo yenye tarehe na uzito.

Ukifika wakati wa kujaza, unatoa presha yote kwanza, nje, mtungi umebanwa kwenye jiriwa. Hakuna anayefungua kichwa kwa kukisia. Kichwa kikiruka kinaua. Unamwaga unga, unaangalia ndani kwa tochi, unakausha kabisa, unabadilisha pete ya mpira ya kichwani, unasafisha kiti cha valvu kwa brashi. Kiti hicho cha valvu ndiyo sababu mtungi uliobonyezwa hata sekunde moja huhesabiwa umetumika. Chembe za unga zinabaki kwenye valvu, na presha inavuja polepole kwa wiki kadhaa. Unajaza unga kwa uzito, sio kwa macho, kisha nitrojeni hadi presha iliyoandikwa kwenye lebo, mara nyingi karibu bar 15. Unapaka povu la sabuni shingoni. Halafu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosa subira, mtungi unalala karakana usiku mzima na kupimwa tena asubuhi kabla haujarudi kwa mteja.

Wanaosingizia kwamba nitrojeni ni ghali hawajapiga hesabu. Mtungi wa kilo 6 ukishajazwa unga, gesi inabaki na nafasi ya kama lita 4, ukihesabu na mianya kati ya chembe za unga. Kuipandisha hadi bar 15 kunakula lita 60 hivi za gesi. Silinda kubwa ya lita 50 iliyojazwa bar 150 ina lita 7,500. Hata ukipoteza nusu kwa uvujaji na kujifunza, unajaza mitungi zaidi ya 50 kwa silinda moja.

Mitungi ya CO2 nilimkataza kuigusa mwaka wa kwanza. Ile ya unga ina presha ya bar 15. Ile ya CO2, kwenye joto letu la nyuzi 30, ina zaidi ya bar 70, na kuijaza kunataka pampu maalumu. Aipime tu. Haina geji, kwa hiyo mizani ndiyo inayosema. Wa kilo 5 ukipungua gramu 500, yaani moja ya kumi, unatakiwa kujazwa. Aupeleke kwa karakana kubwa na kuchukua tofauti ndogo ya bei.

Sasa pesa. Kwenye mtaa wetu wa fremu 40, tuseme utapata mitungi 25. Sevisi ya mwaka kwa 10,000 ni 250,000. Kwa mwaka, nasisitiza, si kwa mwezi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nilikaribia kukata. Biashara hii inalisha pale daftari linapofika kama mitungi 500: sevisi milioni 5 kwa mwaka, na kwa kuwa moja ya tano yake inafika zamu ya kujazwa kila mwaka, una kujaza 100. Kwa 30,000 ni milioni 3 nyingine, kabla ya unga, gesi na nauli. Mitungi 500 ni mitaa kama 20 ya aina hii, au mitaa michache pamoja na shule mbili, kituo cha mafuta, gesti, na gereji ya malori. Malori na daladala yana mitungi midogo, na mtikisiko wa barabara unashindilia unga haraka, kwa hiyo hao ni wateja wa kuonwa mara kwa mara. Ukipata mitungi 20 mipya kila wiki, miezi sita tu daftari limejaa. Mimi lilinichukua karibu miaka miwili.

Milioni 3 inatosha kuanzia: mizani ya kidijitali, regulata, silinda ya nitrojeni ya kukodi, jiriwa, spana ya kichwa, mifuko michache ya unga, pete, pini, sili na lebo. Ila kabla ya kununua hata funeli, aende ofisi ya zimamoto ya wilaya aulize masharti ya kibali cha fundi, na akae karakana ya mtu mwingine miezi mitatu hata kwa posho ya chakula. Hili hujifunzi kwa kutazama video.

Mshindani wake mkubwa ni mtu wa stika. Anapita na karatasi mpya za kubandika, dakika mbili kwa mtungi, bei nusu. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kufanya kila kitu mbele ya mteja. Mpe yeye asome mizani. Mwache apindue mwenyewe asikie unga. Mwenye duka aliyewahi kusikia sauti ile hatakubali tena stika kavu.

Nilichomwambia aanze nacho

Nilimwambia ashike mitungi, na taa za ukutani ziwe za kuongezea kipato wakati daftari linajaa. Akauliza, "Na walinzi, mjomba, tuwaache kabisa?"

Hapo nikamkumbusha jambo linalonisumbua siku zote kuhusu kazi yangu. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Moto wa maduka mara nyingi hukutana na milango iliyofungwa. Mitungi 25 ya mtaa wetu, hata ikiwa mizima yote, saa nane usiku imefungiwa ndani ya fremu, na mtu pekee aliye macho ni mlinzi mwenye filimbi.

Kwa hiyo bidhaa ya kwanza ya kuipelekea kamati ya mtaa iwe sanduku la chuma chini ya taa mojawapo, karibu na kiti cha mlinzi, ndani yake mitungi miwili ya unga ya kilo 9, na namba 114 imepakwa kwa rangi nyekundu mlangoni. Ufunguo uko shingoni kwa mlinzi. Mkataba ni wa mwaka, mitungi ni ya kamati, ukaguzi ni wa mpwa wangu kila miezi mitatu, na ndani yake kuna saa moja ya kuwafundisha walinzi wawili: piga 114 kwanza, amsha watu, simama upepo ukiwa mgongoni, lenga chini ya moto, na ukiona moshi unatoka kwa nguvu chini ya mlango wa chuma uliofungwa, usiufungue. Hewa ikiingia ghafla, moto utakutokea usoni. Mtungi wa kilo 9 unakwisha kwa nusu dakika au chini, kwa hiyo unafaa kwa meza ya mama lishe, pipa la taka, pikipiki iliyoshika moto. Fremu iliyokwisha kushika hadi darini ni ya gari la zimamoto.

Ameondoka na orodha ya karakana mbili za kuombea nafasi. Jana jioni alinipigia akiwa kwenye mtaa wao, amepita fremu moja moja na daftari akiandika aina ya mtungi, kilo, na mwaka uliogongwa kwenye chuma. Sauti yake ilikuwa juu. "Mjomba, huu wa saluni nimeupindua, hausikiki kitu."

Nikamwambia aandike namba ya fremu, amwambie mwenye saluni ukweli kwa heshima, na asiufungue.